Flashi au memori kadi inapokataa kuandikwa: namna ya kujua kufuli limefungwa wapi

Wanafunzi wa Malimbe, jijini Mwanza, wanaokwenda kuchapisha kazi zao, wapiga picha wa harusi, madereva wenye flashi za nyimbo, na wenye maduka waliofunga kamera za ulinzi huja na lalamiko lilelile: flashi inasoma vizuri, mafaili yanafunguka, lakini haipokei kitu kipya wala haikubali kufutwa. Kwenye kioo cha kompyuta yenye Windows hutokea maneno haya:

```
The disk is write-protected.
Remove the write-protection or use another disk.
```

Ushauri unaotolewa haraka kwa mtu mwenye tatizo hili ni kufomati. Ushauri huo una kasoro mbili kubwa. Ikiwa flashi imefungwa kweli, kufomati hakutafanikiwa, kwa sababu kufomati nako ni kuandika. Ikiwa kufuli lilikuwa la muda na likaachia katikati ya majaribio, fomati itafanikiwa, na picha za harusi ya mtu zitakuwa zimekwenda.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine, nayo ni kutafuta kwanza nani anayekataa. Kufuli linaweza kuwa kwenye swichi ya plastiki, au kwenye mipangilio ya kompyuta unayotumia, au ndani ya flashi yenyewe. Kwa nje yote matatu yanafanana, lakini mawili ya mwanzo yanafunguka kwa dakika chache, na la tatu, mara nyingi, halifunguki kabisa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Utahitaji kompyuta mbili, na ni vizuri ya pili isiwe ya ofisi moja na ya kwanza, kwa sababu nitakayoieleza katika hatua ya tatu. Kwenye kompyuta moja uwe na akaunti yenye mamlaka ya msimamizi pamoja na nafasi ya kutosha kuhifadhi kila kilichomo kwenye flashi. Ikiwa unashughulikia memori kadi, tafuta kadi rida ya USB yenye tundu dogo la kupokea microSD moja kwa moja bila adapta, na uwe na kadi nyingine ambayo una hakika ni nzima. Kadi hiyo nzima ndiyo itakayokuonyesha kama ubovu uko kwenye kadi au kwenye tundu.

Hatua ya 1: Nakili kila kitu kabla ya kugusa kingine chochote

Flashi inayosoma lakini haiandiki inaweza kuwa katika siku zake za mwisho za kusoma. Usianze na majaribio. Nakili kwanza.

Kwa mafaili machache, kukopi kwa kawaida kunatosha. Kwa flashi yenye folda nyingi, kukopi kwa kawaida husimama kila kunapokutana na faili bovu, ukalazimika kukaa hapo ukibonyeza. Amri ifuatayo hufanya kazi hiyo bila kukusumbua. Fungua dirisha la amri kwa kuandika `cmd` kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, kisha andika amri hii, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa `E`:

```
robocopy E:\ C:\Okoa /E /R:1 /W:1 /A-:SH
```

Maana yake ni kwamba kila folda na kila faili vitapelekwa kwenye folda iitwayo Okoa. Faili likigoma, kompyuta itajaribu tena mara 1 tu baada ya sekunde 1, kisha itaendelea na mengine. Usiache `/R:1 /W:1`, kwa kuwa bila hayo amri hii hurudia faili bovu mara 1,000,000 ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utadhani kompyuta imekwama. Sehemu ya mwisho huondoa alama ya kufichwa, na hivyo mafaili yaliyofichwa na virusi yataonekana kwenye nakala yako.

Mwishoni amri hutoa jedwali fupi lenye safu iliyoandikwa `FAILED`. Soma safu hiyo kabla ya kuendelea. Ikiwa ina sifuri, umeokoa kila kitu. Fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye folda ya Okoa uhakikishe yanafunguka, kisha ndipo uende hatua ya pili.

Hatua ya 2: Kagua swichi, adapta na tundu

Kadi kubwa ya SD, ile inayotumika kwenye kamera za picha, ina swichi ndogo ubavuni. Ishike kadi maandishi yakikutazama na kona iliyokatwa ikiwa juu kulia, na utaiona swichi upande wa kushoto. Ikisukumwa juu, kuelekea upande wenye miguso ya rangi ya dhahabu, kadi iko wazi. Ikishushwa, kuelekea neno `LOCK`, kadi imefungwa. Swichi hii hulegea kwa matumizi, na mara nyingi huwa imeachwa juu lakini ikashuka yenyewe wakati kadi inasukumwa kwenye tundu. Itazame mara baada ya kuichomoa kadi, kwa sababu wakati huo ndipo utaona ilikuwa imekaa wapi ikiwa ndani.

Inafaa kuelewa kwamba swichi hiyo haijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki tu. Kinachofanya kazi ni kijiti kidogo ndani ya tundu la kompyuta au kadi rida, ambacho hugusa ubavu wa kadi na kuhisi kama pengo limezibwa au liko wazi. Plastiki ikiwa juu, pengo limezibwa na kuandika kunaruhusiwa. Pengo likiwa wazi, kadi huhesabiwa kuwa imefungwa.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza, kadi ambayo plastiki yake imevunjika na kudondoka itasomeka kama iliyofungwa daima, ingawa chipu yake ni nzima. Iliyo hivyo hutibika kwa kuziba pengo kwa kipande chembamba cha selotepu mahali ambapo plastiki ingekaa ikiwa juu. Tumia safu moja tu ya selotepu na uibane vizuri pembeni, maana ikizidi unene kadi itanasa ndani ya tundu, na kuitoa huko ni kazi kubwa kuliko tatizo ulilokuwa nalo. La pili, ubovu unaweza kuwa kwenye tundu lenyewe. Vumbi likikaa pale au kijiti kikipinda, kompyuta itadai kwamba kila kadi ya SD imefungwa. Hapa ndipo ile kadi nzima inapofanya kazi yake: itumbukize kwenye tundu hilohilo, na ikikataliwa nayo, iache kadi yako na utafute kadi rida nyingine.

Kadi ndogo ya microSD haina swichi. Swichi iko kwenye adapta yake, na adapta za bei rahisi huchoka mapema kuliko kadi. Kabla ya kuihukumu microSD, itoe kwenye adapta na uisome kwa rida inayoipokea moja kwa moja. Hatua hii moja hutatua sehemu kubwa ya kesi za memori kadi, na huchukua nusu dakika.

Flashi nyingi za USB hazina swichi, lakini zipo chache zenye swichi ubavuni. Igeuze ya kwako pande zote uitazame.

Hatua ya 3: Jaribu kwenye kompyuta ya pili

Chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, tengeneza faili dogo la maandishi, na ujaribu kulihifadhi kwenye flashi. Usitumie kopi ya filamu kwa jaribio hili. Faili lenye mstari mmoja linatosha.

Likihifadhika, flashi yako ni nzima na kufuli liko kwenye kompyuta ya kwanza, kwa hiyo nenda hatua ya nne. Likikataa kwa maneno yaleyale, ruka hadi hatua ya tano.

Nilisema kompyuta ya pili isiwe ya ofisi moja na ya kwanza. Benki, hospitali na ofisi nyingi za umma huzuia kwa makusudi kuandika kwenye flashi ili nyaraka zisitoke nje, na katazo hilo huwekwa kwenye kompyuta zote kwa pamoja. Ukijaribu mbili za ofisi moja, zote zitakataa, na utaihukumu flashi isiyo na kosa. Ikiwa unakutana na katazo la namna hiyo kazini, zungumza na msimamizi wa kompyuta wa hapo. Usifuate hatua ya nne kwenye kompyuta isiyo yako, kwa sababu huko si kurekebisha tena, ni kuvunja utaratibu wa ofisi ya watu.

Hatua ya 4: Fungua kufuli la kompyuta yako

Windows ina mahali maalumu panapoweza kuzuia kuandika kwenye vifaa vyote vya USB. Huwekwa na mtu, na programu fulani, au wakati mwingine na virusi. Fungua dirisha la amri kwa kubofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye `cmd` na kuchagua `Run as administrator`, kisha andika:

```
reg query HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies
```

Kompyuta ikijibu kwamba haikupata kitu hicho, hapo hapana kufuli la aina hii na hakuna cha kufuta. Ikionyesha `WriteProtect` na mwisho wa mstari `0x1`, kufuli umelipata. Lifungue kwa amri hii:

```
reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies /v WriteProtect /t REG_DWORD /d 0 /f
```

Chomoa flashi, iwashe upya kompyuta, kisha jaribu tena. Ikiwa baada ya siku chache thamani hiyo inarudi kuwa `0x1` yenyewe, kuna programu inayoirudisha, na unapaswa kuichunguza kompyuta kwa programu ya kuondoa virusi kabla ya kuishughulikia flashi yoyote.

Usikubali kupakua programu ndogo za mtandaoni zinazodai kuondoa kufuli la flashi kwa kubofya mara moja. Nyingi hazifanyi zaidi ya hizi amri mbili, na nyingine huja na virusi.

Hatua ya 5: Iulize flashi yenyewe

Hatua hii ndiyo inayotoa jibu, nayo inahitaji utulivu. Chomoa kwanza kila flashi na diski nyingine ya nje, ibaki ile unayoishughulikia peke yake. Kisha, kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi, andika mstari mmoja baada ya mwingine:

```
diskpart
list disk
```

Utaona orodha ya diski na ukubwa wake. `Disk 0` kwa kawaida ni diski ya ndani ya kompyuta, ile yenye Windows na kazi zako zote. Flashi yako itambue kwa ukubwa, ukikumbuka kwamba Windows huonyesha namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye ganda: ya GB 32 huonekana kama GB 29 hivi. Ikiwa flashi ni `Disk 1`, endelea:

```
select disk 1
attributes disk
```

Kati ya mistari itakayotokea, soma miwili ya juu tu. Hapa nimeiweka kama inavyotokea kwenye flashi iliyojifunga yenyewe:

```
Current Read-only State : Yes
Read-only  : No
```

Mstari wa pili unaeleza kama Windows imeweka alama ya kufungia kwenye diski hiyo. Mstari wa kwanza unaeleza hali halisi, yaani kama sasa hivi diski inapokea maandishi au haipokei. Tofauti kati ya mistari hii miwili ndiyo uchunguzi wenyewe.

Ikiwa yote miwili inasema `Yes`, kuna alama ya Windows na unaweza kuiondoa kwa `attributes disk clear readonly`. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Ikiwa wa kwanza unasema `Yes` na wa pili unasema `No`, Windows haina alama yoyote ya kuondoa. Anayekataa yuko mbele yake. Kama swichi, adapta, tundu na kompyuta ulishavithibitisha katika hatua zilizotangulia, aliyebaki ni flashi yenyewe. Unaweza kuijaribu amri ya kuondoa alama, na Windows itakujibu kwamba imefanikiwa, lakini usiridhike na jibu hilo. Andika `attributes disk` tena. Mstari wa kwanza ukibaki `Yes`, hakuna kilichofunguliwa.

Ikiwa yote miwili inasema `No` na bado huwezi kuandika, diski haijafungwa. Shida iko kwenye mpangilio wa mafaili au kwenye ruhusa, nami nitaigusa mwishoni. Vilevile inaweza kuwa ile hali ya hatua ya sita.

Onyo moja kabla ya kutoka hapa. Miongozo mingi huongeza amri ya `clean` baada ya hizi. Amri hiyo hufuta mpangilio mzima wa diski iliyochaguliwa bila kukuuliza kama una hakika. Ukiwa umechagua diski isiyo sahihi, umeipoteza. Kwa uchunguzi huu haihitajiki, kwa hiyo usiiandike. Toka kwa kuandika `exit`.

Hatua ya 6: Jaribio la kufuta na kuchomoa

Zipo kadi ambazo hazitoi ujumbe wowote wa kukataa. Unafuta faili, linatoweka. Unakopi wimbo, unaonekana. Unafomati, unaambiwa imekamilika. Kisha unachomoa kadi, unairudisha, na kila kitu kiko kama kilivyokuwa mwanzo: mafaili uliyoyafuta yamerudi na wimbo uliokopi haupo.

Kadi ya namna hii imekufa upande wa kuandika, ila inapokea amri na kuzitupa. Kinachoonekana kwenye kioo kabla ya kuchomoa ni kumbukumbu ya kompyuta, si kilichomo kwenye kadi. Kwa sababu hiyo, mradi ulishapata nakala katika hatua ya kwanza, futa faili moja lisilo na maana, iondoe kadi kwa njia salama, irudishe na utazame. Faili likirudi, usipoteze muda tena.

Hatua ya 7: Amua

Flashi inapokataa kwenye kompyuta mbili zisizohusiana, bila swichi wala adapta kuhusika, na `diskpart` ikaonyesha `Yes` juu na `No` chini hata baada ya kuondoa alama, hukumu imeshatoka. Ndani ya kila flashi mna chipu ya kumbukumbu na kontrola inayoisimamia. Sehemu za chipu huchakaa kadiri zinavyofutwa na kuandikwa, na kontrola huwa na sehemu za akiba za kuziba mapengo. Akiba ikiisha, au kontrola ikigundua kosa isiloweza kulimudu, kontrola nyingi hufunga mlango wa kuandika na kuacha ule wa kusoma, ili mwenye mali apate nafasi ya kuokoa kilichomo. Kufungwa huko hakutokani na virusi, na hakuna amri ya Windows inayoweza kuifungua flashi hiyo.

Zipo programu za kiwandani zinazoweza kuiandaa upya kontrola ya flashi za USB. Kila moja inafanya kazi na kontrola za aina fulani tu, hufuta kila kitu, na hata ikifaulu, chipu iliyochakaa inabaki imechakaa. Sipendekezi kuweka kazi ya mtu kwenye flashi iliyofufuliwa hivyo.

Kesi moja: kadi ya kamera ya dukani

Mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba Mwaloni alifunga kamera ndogo ya ulinzi kwenye ghala lake, ikiwa na microSD ya GB 32. Magunia yalipopungua, alitaka kutazama usiku uliopita, akakuta rekodi zinaishia wiki kadhaa nyuma. Kamera ilikuwa inawaka taa yake kama kawaida. Kijana wake alijaribu kuifomati kadi kwenye kompyuta na kupata ujumbe kwamba imefungwa, na wakakubaliana kwamba ni virusi.

Kadi ilinakiliwa kwanza, na safu ya `FAILED` ilitoka na sifuri. Ilikuwa imekuja ndani ya adapta, kwa hiyo ilitolewa na kusomwa kwa rida moja kwa moja. Ikakataa. Kwenye rida hiyohiyo kadi nyingine iliandikwa bila shida. Kwenye kompyuta ya pili ikakataa vilevile. `diskpart` ilionyesha `Yes` juu na `No` chini, amri ya kuondoa alama ikajibu kwamba imefaulu, na mstari wa juu ukabaki `Yes`. Kilichobaki kilikuwa kumweleza kwa nini.

Hesabu yake ni rahisi. Kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde huandika GB 21.6 kwa siku. Kadi ya GB 32 inajaa kwa siku moja na nusu, kisha kamera inaanza kuandika juu ya rekodi za zamani. Kwa mwaka mmoja kadi nzima inakuwa imefutwa na kuandikwa upya karibu mara 250, na kadi ya kawaida iliyotengenezwa kwa simu na picha haikukusudiwa mzigo huo. Kadi hiyo hiyo ingekaa miaka kwenye simu yake.

Alishauriwa kununua kadi iliyoandikwa `High Endurance`, ambayo hutengenezwa kwa kamera za kurekodi mfululizo, na kuchukua ya GB 128 badala ya 32. Kwa kasi ileile, kila sehemu ya kadi kubwa mara nne hufutwa robo tu ya mara ambazo sehemu ya kadi ya GB 32 ingefutwa. Pia alishauriwa kuipanga kamera irekodi pale tu panapokuwa na mwendo, jambo ambalo kwenye ghala linalolala kimya usiku kucha hupunguza uandishi sana. La tatu, na kwa maoni yangu ndilo kubwa, ni kufungua rekodi ya jana angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu taa ya kamera haithibitishi kwamba kuna kinachoandikwa.

Mambo yanayofanana na kufungwa lakini siyo

*Ujumbe unasema faili ni kubwa mno.* Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata iwe na nafasi kiasi gani. Mafaili madogo yataingia bila shida. Nakili vilivyomo, kisha uifomati kwa exFAT.

*Flashi inaandikika kwenye Windows lakini kwenye Mac inasomeka tu.* Flashi hiyo imefomatiwa kwa NTFS, ambayo kompyuta za Mac husoma bila kuandika. Huwapata sana wanaopeleka kazi kwenye studio za video. Dawa yake nayo ni exFAT, baada ya kunakili.

*Faili moja tu ndilo linalokataa kuhifadhiwa.* Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua `Properties`, na utoe alama kwenye `Read-only`. Flashi haina kosa.

*Mistari yote miwili ya `diskpart` inasema `No`, jaribio la hatua ya sita halionyeshi mafaili yanayorudi, lakini kuandika kunakatika katikati.* Huenda mpangilio wa mafaili umeharibika, jambo la kawaida umeme unapokatika au flashi inapochomolewa ikiwa inaandikwa. Ukiwa tayari na nakala, andika `chkdsk E: /f` kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi, ukiweka herufi ya flashi yako. Amri hiyo ikijibu kwamba haiwezi kufanya kazi kwa sababu diski ni `write protected`, rudi hatua ya tano, maana kufuli lipo kweli.

*Kadi mpya inajifunga au kuharibu mafaili muda mfupi baada ya kununuliwa.* Inawezekana ukubwa ulioandikwa juu yake si wa kweli. Ipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi kwa mafaili ya majaribio kisha huyasoma tena kulinganisha. Ipime siku ileile ya kununua, ikiwa bado tupu, na uhifadhi risiti.

Kuhusu kutupa flashi iliyojifunga: kumbuka kwamba haiwezi kuandikwa lakini bado inasomeka, na kwa kuwa haifutiki, chochote kilichomo kitabaki humo. Kama ina vitambulisho, mikataba au picha za watu, vunja ganda lake na uipasue ile chipu nyeusi kwa koleo kabla ya kuitupa jalalani. Kadi ya microSD ikatwe vipande kwa mkasi mgumu.